Neno Moja Kwenye Safu ya Hali: Kupaka Rangi Mstari Mzima wa Jedwali kwa Fomula

Mhadhara kwa watendaji wa vijiji, makarani wa ardhi na wanachuo wa Mbeya na Iringa

  

Nimekuja na jambo moja dogo, nami sitalikuza ili lionekane kubwa. Nataka tuelewane jinsi ya kuiagiza Excel ipake rangi mstari mzima pale neno kwenye safu ya hali linaposema kwamba kazi imekamilika. Wengi wenu mnafanya hivyo tayari, au mnadhani mnafanya. Nikiangalia majedwali mnayonitumia, naona kwamba rangi nyingine zinadanganya, tena zinadanganya kwa heshima, bila kelele. Leo tuzungumzie chanzo cha uongo huo.

Mfano nitautoa kwenye hati za hakimiliki za kimila, kwa kuwa ndiyo kazi inayotuunganisha watu wa mikoa hii miwili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 iliweka msingi wa hati hizo. Mwaka 2014, katika kijiji cha Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, lilianza jaribio la kupima vipande vya ardhi kwa simu janja, wanakijiji wenyewe wakitembea mipakani. Baada ya hapo kazi ya namna hiyo ikaenea kwenye vijiji vingine vya Wilaya ya Iringa na ikafika Wilaya ya Mbeya. Zoezi lile lilikuwa na mfumo wake wa kompyuta, wala siuzungumzii huo. Nazungumzia jedwali la pembeni, lile ambalo karani au mtendaji analo kwenye kompyuta yake ili akiulizwa na mama mwenye kipande namba 18, “Hati yangu iko wapi?”, apate la kujibu.

Tuseme jedwali letu lina vipande 300. Mstari wa 1 una jina la kijiji, wa 2 uko wazi, na wa 3 una vichwa vya safu. Data inaanza mstari wa 4 na kuishia wa 303. Safu A ni namba ya kipande, B jina la mmiliki, C kitongoji, D tarehe ya uhakiki, E tarehe ya kusajiliwa, F hali, na G tarehe ya kukabidhiwa. Kwenye F kuna maneno matatu tu: Inasubiri, Imesajiliwa, Imekamilika.

Hoja ya kwanza: mkono usipake rangi

Kuna wanaochukua kopo la rangi kwenye menyu na kupaka kijani kila hati inapotoka. Inapendeza kwa wiki mbili. Halafu hati moja inarudishwa kwa sababu jina la mke limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA. Karani anabadilisha hali kuwa “Inasubiri”, simu inaita, anasahau kuondoa kijani. Kuanzia hapo mstari una taarifa mbili zinazopingana, na macho yanaamini rangi kuliko neno. Kibaya zaidi, hakuna fomula ya kawaida ya Excel inayohesabu rangi. Mkurugenzi akitaka idadi, itabidi uhesabu kwa kidole.

Kwa hiyo rangi itokane na neno. Ukibadilisha neno, rangi ijibadilishe yenyewe. Hoja hii ni fupi, nadhani hakuna wa kuipinga. Tuingie kwenye kazi.

Hoja ya pili: alama ya dola ndiyo yenye kazi yote

Bofya seli A4. Shikilia Shift, kisha bofya G303. Sasa jedwali zima limechaguliwa, bila vichwa. Nenda Home, Conditional Formatting, New Rule, halafu chagua mstari wa mwisho unaosomeka Use a formula to determine which cells to format. Kwenye kisanduku cha fomula andika:

```
=$F4="Imekamilika"
```

Bofya Format, nenda Fill, chagua kijani chepesi, kisha OK, na OK tena. Kazi imeisha. Dada mmoja pale mbele ananiangalia kama kusema, “Mwalimu, hilo ndilo umetuitia?” Subiri kidogo, dada yangu.

Fomula uliyoandika ni moja, lakini Excel haiiulizi mara moja. Inaiuliza katika kila seli uliyoichagua: mistari 300 mara safu 7, maswali 2,100. Kila seli inauliza swali lake, ikipata jibu la ndiyo inajipaka rangi. Fomula uliyoiandika ni swali la seli ya kwanza, A4. Seli nyingine zinalisogeza swali hilo kulingana na mahali zilipo, isipokuwa pale ulipoweka dola. Dola iliyo mbele ya F inasema: hata ukiwa safu gani, uliza F tu. Namba 4 haina dola, kwa hiyo inasogea. Seli C9 itauliza F9, nayo G9 itauliza F9 hiyo hiyo. Ndiyo maana mstari wa 9 wote unakubaliana, ukawa kijani kutoka A hadi G.

Sasa ondoa dola, uandike F4 tupu. A4 itauliza F4, sawa. B4 itauliza G4, ambayo ni tarehe. C4 itauliza H4, ambayo haina kitu. Matokeo yake rangi itatokea safu A peke yake, na mstari uliobaki utakuwa mweupe. Ukiona kijani kwenye safu ya kwanza tu, usihangaike: dola ya F imekosekana.

Weka dola mbili, $F$4. Hapo seli zote 2,100 zinauliza seli moja. Kipande cha kwanza kikikamilika, kijiji kizima kinakuwa kijani. Hili hutokea zaidi kwa wale wasioandika fomula kwa mkono, wanaobofya seli ya F4 ili Excel iwaandikie, kwa sababu Excel huweka dola zote mbili bila kuulizwa. Dawa ni kubonyeza F4 kwenye kibodi, namaanisha kitufe chenye jina hilo na si seli, mpaka ibaki dola ya herufi peke yake.

Makosa hayo mawili yanajitangaza. La tatu halijitangazi, nalo ndilo ninaloliogopa. Mtu anachagua kuanzia A4 lakini anaandika $F3, pengine kwa kuwa amenakili fomula kutoka jedwali lingine. Sasa mstari wa 4 unauliza wa 3, wa 5 unauliza wa 4, hivyo hivyo hadi chini. Rangi inatokea mistari mizima, inapendeza, lakini yote imeshuka kwa mstari mmoja. Kipande namba 17 kimekamilika, ila kijani kimemwangukia mwenye kipande namba 18. Yule mama akija kuuliza, karani anaangalia kijani na kumwambia, “Hati yako ulishachukua.” Kama yupo hapa mtu anayetafuta chanzo cha migogoro ya ofisini, chanzo kimojawapo ni hicho: 3 badala ya 4.

Kosa hilo lina ndugu yake. Ukichagua jedwali kwa kuanzia chini, yaani ukabofya G303 na kuburuta kipanya kwenda juu hadi A4, seli ambayo Excel inaihesabu kuwa ya kwanza ni G303, ile uliyoanzia. Fomula yako ya $F4 itaeleweka kama “mstari ulio mistari 299 juu yangu”. Ukifungua Manage Rules baadaye utashangaa kukuta fomula inataja mstari wenye namba ya zaidi ya milioni moja. Si kirusi. Jedwali la Excel lina mistari 1,048,576, na hesabu ikipita juu ya mstari wa kwanza inazunguka na kuingilia chini. Kwenye Google Sheets tatizo hili halipo, kwa kuwa fomula hupimwa kuanzia kona ya juu kushoto ya eneo uliloliandika. Huko utapita Format, Conditional formatting, kisha Custom formula is. Fomula ni ile ile.

Namna ya kuhakiki ni hii, na haichukui dakika moja. Nenda mstari wa kwanza wa data, badilisha hali iwe Imekamilika. Mstari huo tu ndio ubadilike. Rudisha. Nenda mstari wa mwisho, fanya vivyo hivyo. Usihakiki mstari wa katikati, kwa sababu katikati kijani ni kingi na jicho haligundui kwamba kimeshuka.

Na moja la kando kabla sijaendelea. Ukiwa ndani ya kile kisanduku cha fomula, ukabonyeza mshale wa kushoto ili urekebishe herufi, Excel itakumwagia majina ya seli katikati ya fomula yako. Bonyeza F2 kwanza, ndipo mishale ikusogeze. Naona mnacheka, kwa hiyo limewakuta.

Hoja ya tatu: safisha neno, usiilegeze fomula

Fomula ni sahihi, dola iko mahali pake, lakini mstari wa 57 umeandikwa Imekamilika na hauna rangi. Unafanyaje?

Kwanza, usiwe na wasiwasi kuhusu herufi kubwa na ndogo. Alama ya sawasawa ya Excel inaichukua IMEKAMILIKA na Imekamilika kuwa neno moja. Inachokataa ni herufi iliyopungua au iliyozidi, na mara nyingi iliyozidi haionekani: ni nafasi iliyoachwa mwishoni. Kwenye seli yoyote tupu andika:

```
=LEN(F57)
```

Neno Imekamilika lina herufi 11. Ukipata 12, kuna nafasi imejificha. Ukipata 10, mtu ameandika “Imekamilka”, na jicho lako limeisoma ilivyopaswa kuandikwa.

Wajuzi watasema, “Mwalimu, tuweke TRIM ndani ya fomula ili nafasi zisihesabiwe.” Ndiyo, inawezekana:

```
=TRIM($F4)="Imekamilika"
```

Mstari utapata rangi, lakini mimi sishauri, nami nitatoa sababu. Mwisho wa mwezi utahesabu hati zilizokamilika kwa COUNTIF, na COUNTIF haisamehi nafasi ya mwishoni. Tuseme macho yanaona mistari 140 ya kijani na hesabu inatoa 137. Sasa una vipande vitatu ambavyo rangi inasema vimekwisha na takwimu inasema bado, na aliyesababisha ni wewe, uliyeilegeza fomula ili ipake rangi maneno machafu. Afadhali mstari ukose rangi, uudhike, urekebishe neno. Tena TRIM haiondoi kila aina ya nafasi: ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za mtandao hubaki palepale.

Dawa yenyewe ni kuzuia neno lisiandikwe kwa mkono. Chagua F4 hadi F303, nenda Data, Data Validation, kwenye Allow chagua List, na kwenye Source andika maneno matatu yakitenganishwa na mkato:

```
Inasubiri,Imesajiliwa,Imekamilika
```

Kuanzia hapo karani anachagua kwenye orodha. Zingatieni mpaka wa kinga hii. Inamzuia anayeandika, haimzuii anayebandika. Mtu akinakili safu nzima kutoka faili la kijiji kingine na kuibandika, maneno yatapita bila kuulizwa, na orodha yenyewe itafutika kwenye seli hizo. Ukibandika, tumia Paste Special na uchague Values, kisha pitia safu ya hali kwa kichujio. Orodha ya kichujio ikionyesha maneno manne badala ya matatu, la nne ndilo mkosaji.

Hoja ya nne: rangi iwe na ushahidi

Hapa naomba maofisa ardhi wanisikilize zaidi. Hati inakamilika lini? Sheria inataka isainiwe na mwenyekiti na katibu wa halmashauri ya kijiji, ambaye kwa kawaida ndiye mtendaji; mmiliki asaini au aweke alama yake; kisha ofisa ardhi wa wilaya asaini, agonge muhuri na kuisajili. Kwa ofisa wa wilaya, kazi imekwisha akishasajili. Kwa mwenye ardhi, haijaisha mpaka aishike. Kati ya siku hizo mbili hati inaweza kulala kabatini msimu mzima, jedwali likiwa kijani. Mimi nasema kijani ni cha siku ya kukabidhi, na kusajiliwa kuwe na neno lake, ndiyo maana nimeweka maneno matatu na si mawili.

Lakini neno peke yake ni rahisi kulichagua. Ijumaa jioni, taarifa inatakiwa Jumatatu, mtu anaweza kuchagua Imekamilika kwa mistari 20 akijipa moyo kwamba zitatoka. Kwa hiyo tuongeze kanuni ya pili, ya rangi ya chungwa, kwa eneo lile lile:

```
=AND($F4="Imekamilika",$G4="")
```

Fomula hii inakamata mstari unaodai kukamilika ilhali safu ya tarehe ya kukabidhiwa iko wazi. Mpangilio ni muhimu hapa, kwa sababu mstari huo unakidhi kanuni zote mbili, na kanuni mbili zikigombea rangi, inayoshinda ni iliyo juu. Fungua Conditional Formatting, Manage Rules, hakikisha ya chungwa iko juu ya kijani. Kuna vishale vya kuipandisha. Kanuni mpya kwa kawaida hukaa juu, lakini angalia, usikisie.

Tuupitie mfano mmoja hatua kwa hatua. Kipande namba 18 kiko mstari wa 21, maana data ilianza mstari wa 4. Januari hali ni Inasubiri: fomula ya kijani inauliza F21, jibu hapana; ya chungwa inauliza, jibu hapana; mstari ni mweupe. Machi ofisa wa wilaya anasajili, karani anaandika tarehe kwenye E21 na kuchagua Imesajiliwa. Bado mweupe, na ni haki yake kuwa mweupe. Aprili karani anachagua Imekamilika bila tarehe: chungwa. Mtendaji anaiona, anamuuliza, kumbe hati bado iko kabatini. Wanarudisha Imesajiliwa, chungwa inaondoka. Mei mama anakuja na mumewe, hati ina majina yao wote wawili, wanasaini kitabu cha makabidhiano. Karani anaandika tarehe kwenye G21, anachagua Imekamilika. Kijani, kutoka A hadi G. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyegusa kopo la rangi.

Hoja ya tano: kanuni huchakaa

Hili nitalipitia haraka. Kila mnapokata mistari na kuibandika kwingine, au kuingiza mistari iliyonakiliwa, Excel inaigawanya kanuni vipande vipande. Baada ya mwaka, ukifungua Manage Rules na kuchagua This Worksheet, unakuta kanuni ile ile imeandikwa mara nyingi, kila moja na eneo lake dogo kwenye Applies to, na katikati kuna mistari isiyo na kanuni yoyote. Hiyo ndiyo sababu mstari uliouongeza jana haupati rangi. Futa nakala zote, bakiza moja ya chungwa na moja ya kijani, kisha kwenye Applies to andika upya eneo zima:

```
=$A$4:$G$303
```

Hapa dola zote zinatakiwa, kwa sababu hili ni eneo, si swali. Vipande vikiongezeka, badilisha 303 tu.

Kuhusu kuchapa: ofisi zetu nyingi zina printa ya wino mweusi, na kijani na chungwa zote hutoka kijivu. Jedwali likienda kubandikwa kwenye ubao wa kijiji, safu ya hali isifichwe, na kwenye kanuni ya chungwa ongeza maandishi mazito kupitia Font, hapo hapo kwenye Format, ili tofauti ionekane hata bila rangi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona karatasi ya kunikumbusha muda imeshafika mezani, kwa hiyo namalizia na ombi. Mikutano mikuu ya vijiji ya robo mwaka inakuja, na wananchi watauliza habari za hati zao. Kabla ya siku hiyo, kila mtendaji mwenye jedwali la namna hii afungue Manage Rules, asome namba ya mstari iliyo kwenye fomula, ailinganishe na mstari wa kwanza wa eneo lililo kwenye Applies to. Namba hizo mbili zisipofanana, asisome jina la mtu yeyote mbele ya mkutano mpaka azisawazishe. Na maofisa wa wilaya zote mbili, Iringa na Mbeya, kaeni mkubaliane maneno matatu yatakayotumika kwenye safu ya hali katika vijiji vyote, ili mwakani majedwali yakiunganishwa, fomula moja itoshe.